Kumwomba wakala wa ajira afute taarifa zako: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukibonyeza "Unsubscribe" umeshafutwa.

Bado umo. Kiungo hicho huondoa anwani moja kwenye orodha moja ya barua za jumla. Wasifukazi wako, namba ya simu na maelezo ya usaili hukaa kwenye hifadhidata nyingine, ambayo wakala huipekua kila nafasi inapotokea. Ndiyo maana barua hukoma na simu zikaendelea.

Dhana: Wakifuta kila kitu, hawatakuandikia tena.

Hapa ndipo wengi hukwama. Akishafuta kila kitu, wakala hana tena kumbukumbu kwamba ulikataa. Siku akipakia orodha mpya kutoka tovuti ya kazi, unaingia tena kama mtu mgeni. Kwa hiyo omba mambo mawili pamoja: taarifa zifutwe, ila anwani ya barua pepe pekee ibaki kwenye orodha ya wasiotumiwa barua. Na kama kero yako ni barua za jumla tu, omba hizo tu zisimame. Kufutwa kote kutakunyima hata simu ya kazi inayokufaa.

Dhana: Lazima ujieleze sana, ulipie au utishie kushtaki.

Nchini Kenya, haki ya kufutiwa taarifa imo katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Kanuni za 2021 zinampa wakala siku 14 kujibu ombi la kufuta, bila malipo. Maneno yenye uzito ni "naondoa idhini yangu". Mfano wa mtu aliyejiandikisha mara mbili:

> Habari za kazi. Machi 2022 niliwaletea wasifukazi nikitafuta kazi ya uhasibu. Sasa naondoa idhini yangu ya kuutumia. Naomba mfute wasifukazi, namba ya simu na maelezo yote yaliyo chini ya anwani hizi mbili: [ya zamani] na [hii ninayoandikia]. Tafadhali bakizeni anwani hizo kwenye orodha ya wasiotumiwa barua tu. Naomba pia mnitajie waajiri mliowapa wasifukazi wangu, kisha mnijulishe mkimaliza. Asanteni kwa msaada wenu.

Kutaja anwani zote ni muhimu, kwani kila anwani huwa na jalada lake. Wakifuta moja, la pili linaendelea kupokea barua. Usiambatishe nakala ya kitambulisho bila kuombwa: utakuwa unawaongezea taarifa unazotaka zipungue. Kuandika kutoka anwani wanayoijua kwa kawaida hutosha kuonyesha ni wewe.

Dhana: Kujibu barua yao kunatosha.

Anwani yenye "noreply" haisomwi na mtu. Tafuta anwani iliyo kwenye sera yao ya faragha, na nakala umpelekee afisa aliyewahi kukuhudumia.

Dhana: Ni lazima wafute kila karatasi.

Kama uliajiriwa kupitia kwao, kumbukumbu za malipo zinazotakiwa kisheria zitabaki. Waombe wakwambie ni zipi.

Siku 14 zikipita kimya, tuma tena ombi lilelile ukitaja tarehe ya kwanza. Wakinyamaza tena, peleka malalamiko pamoja na barua zote mbili kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.