Hiki, hicho na kile

"Je, ni kweli kwamba 'hiki' ni cha karibu, 'hicho' cha mbali kidogo, na 'kile' cha mbali zaidi?"

Kwa "hiki" na "kile", kwa kiasi kikubwa ndiyo. "Hicho" ndicho kinachoelezwa vibaya. Hakipimi umbali wa katikati. Kinamfuata msikilizaji popote alipo.

Chukua duka la vitambaa. Muuzaji ameshika kitenge, nawe uko upande wa pili wa kaunta. Unamwambia, "Hebu nione hicho." Anauliza, "Hiki?" Kitenge ni kilekile na hakijasogea, ila kiko kwake, hakiko kwako. Akishakukabidhi, maneno yanabadilishana: wewe ndiye unayeuliza, "Hiki hakichuji rangi?" naye anajibu, "Hicho hakichuji." Kilichotundikwa juu ya mlango, mbali na nyote wawili, ni "kile".

Simu inaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mtu aliye Mwanza anampigia dada yake aliye Mombasa: "Huko mvua imenyesha?" Anajibiwa, "Huku jua tu." Kati yao kuna mamia ya kilomita, umbali ambao kwa kanuni ya ngazi tatu ungedai "kule". Lakini angeuliza, "Kule mvua imenyesha?" huenda dada angeshangaa: "Kule wapi, kijijini?" "Kule" huwaweka kando wote wawili na kuelekeza mahali pa tatu.

Siri iko kwenye ile -o ya mwishoni. Ndiyo tunayoikuta katika "nilichonunua" na "ndicho", na wanasarufi huiita o-rejeshi, kwa kuwa hurejelea kitu ambacho msikilizaji ameshakipata. Kukipata si lazima iwe kwa mkono. Ukisema, "Palikuwa na sultani," msikilizaji tayari anaye, hivyo unaendelea, "Sultani huyo alikuwa na binti." Wakati nao unafuata njia hiyo: "siku hizi" ni za sasa tunapozungumza, "siku hizo" ni zile zilizokwisha kutajwa.

Mpaka huu hauko wazi kila mara. Katika masimulizi mtu aliyetajwa huitwa pia "yule sultani", hasa kionyeshi kinapotangulia nomino, kwa hiyo kutajwa peke yake hakutoshi kudai -o.

Kuonekana kwa kitu ni suala jingine, na hapo Kiswahili hakitubani: "kule sokoni" hufaa soko liwe mbele ya macho au nyuma ya kilima. Ng'ambo ya bahari, Madagaska, msemaji wa Kimalagasi hana uhuru huo. Maneno yake mengi ya mahali huja jozijozi, lenye e- kwa panapoonekana na lenye a- kwa pasipoonekana. Soko analoliona pale mbele liko "eny". Lililofichwa na kilima liko "any".