Mbona dawa ya kung'arisha inatoa madoa ya majani kwenye soksi za mtoto lakini udongo mwekundu unabaki?

"Nimeloweka soksi nyeupe za mtoto kwa ile dawa ya klorini, kijani kimeisha ila wekundu uko palepale, nakosea wapi?"

Hukosei, ni dawa tu haina kazi pale. Klorini inaua rangi kwa kuiunguza, na ukijani wa majani ni rangi ya mmea, inaungua. Wekundu wa udongo wetu wa huku Kampala ni kutu, chuma ambacho kimeshaungana na oksijeni zamani sana, sasa utaunguza nini tena? Halafu soksi za kuchezea mpira zina nailoni na uzi wa kuvutika, klorini inazipiga manjano na kuzilegeza, mimi nilimaliza pea mbili hivyo kabla ya kupata akili.

Jumamosi iliyopita kijana wangu kacheza golini, pale penye nyasi zimeisha, karudi goti na soksi nyekundu kama tofali. Sikuzitia maji. Watu wengi wanakosea hapo, udongo ni chembe laini mno na ukiusugua ukiwa tope unausukuma ndani ya uzi. Nikaanika kivulini mpaka ukakauka, nikagonganisha soksi mbili nje ya mlango, vumbi likatoka hilo! Nikapiga brashi kavu, nikazigeuza ndani nje na kufungulia bomba la maji baridi upande wa ndani ili udongo urudi ulikotoka. Maji yalipotoka meupe ndio nikaloweka kwenye beseni la sabuni ya unga kama saa moja, nikafikicha.

Kilichobaki ni kivuli cha rangi ya chungwa kwenye kisigino, na hiyo ndio kutu yenyewe, inataka asidi. Nikakamulia ndimu na chumvi kidogo, nusu saa, nikasuuza sana. Ikififia rudia, ila doa la wiki tatu lililopigwa pasi mara mbili mara nyingi halitoki lote. Na tafadhali, ndimu isikutane na klorini kwenye beseni moja, inatoa gesi ya kukaba kifua, kama ulishatia klorini suuza kabisa kwanza.

Jezi ilikuwa na majani begani, na jezi ya rangi huiwekei klorini. Ukijani unayeyuka kwenye spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Weka kitambaa cheupe chini ya doa, gusagusa juu kwa pamba, utaona kijani kinahamia chini, sogeza kitambaa kila kinapochafuka. Jaribu kwanza upindoni, na kaa mbali na namba ya mgongoni maana spiriti inaweza kuibandua. Baadaye fua kawaida kwa maji ya uvuguvugu, sio ya moto, na usipige pasi kama bado unaona kijani.