Ukiweka sifuri hujakagua chochote

Nimeletewa tena daftari na mtu anayeapa kwamba kazi yake haina kosa. "Mwalimu, nimeweka sifuri kwenye swali, nikaweka kwenye jibu, kote imekuja 18." Kazi yenyewe ni hii:

```
1)  2(x + 3)² − x(x − 4)
2)  2(x² + 6x + 9) − x(x − 4)
3)  2x² + 12x + 18 − x² − 4x
4)  x² + 8x + 18
```

Kweli, x ikiwa sifuri kila mstari unatoa 18. Na jibu si sahihi!

Sasa weka 3, mstari kwa mstari. Wa kwanza unatoa 72 + 3, yaani 75. Wa pili, 75. Wa tatu ni 18 + 36 + 18 − 9 − 12, na hiyo ni 51. Wa nne, 51. Basi kosa limeingia kati ya mstari wa pili na wa tatu: alama ya kutoa iliyo nje ya mabano haikuifikia −4, na ilipaswa kuwa +4x. Mstari wa nne umerithi tu kosa la mwenzake, hatua yake yenyewe ni safi. Msiufute kwa hasira.

Kwa nini sifuri ilinyamaza? Toa mstari wa tatu kwenye wa pili, unabaki na 8x. Hilo ndilo kosa lenyewe, na x ikiwa sifuri nalo ni sifuri. Kwenye 3 ni 24, pengo lilelile la 75 na 51. Kwa hiyo sifuri haioni kosa lolote lililo kwenye vipande vyenye x. Moja haiwezi kutofautisha x² na x³. Mbili inachanganya x² na 2x. Hata 3 yangu ingedanganywa na kosa la x² − 3x, ila makosa ya namna hiyo sikutani nayo mara nyingi. Ukitaka uhakika, hapa kipeo kikubwa ni 2, na tofauti ya namna hiyo haiwezi kuwa sifuri kwa zaidi ya namba mbili. Namba tatu tofauti zikikubali, mistari miwili ni sawa. Basi. (Kwenye sehemu, epuka namba inayoifanya asili kuwa sifuri.)

Linalonisumbua ni mwanafunzi anayekosea alama mara mbili ndani ya mstari mmoja, makosa yakafutana. Namba haitamkamata kamwe, kwa sababu mistari yake ni sawa kweli. Humkamata kwa kumwuliza tu ilikuwaje, na mpaka leo sijaamua nimpe alama ngapi.