Kivuli cha Tangi na Paneli za Seli Nusu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Paneli ya seli zilizokatwa nusu haisumbuliwi na kivuli.

Ukweli: Inasumbuliwa, ila kwa namna nyingine. Paneli ya wati 550 yenye nusu seli 144 ni kama paneli mbili fupi, moja juu na moja chini, zilizoungwa sambamba. Kila moja hutoa takriban ampea 6.5, jumla 13. Paneli ikiwa imesimama wima, upande mfupi ukiwa chini, na kivuli kikafunika safu yote ya chini, nusu ya chini huzimika, ya juu huendelea. Paneli ya seli nzima ingezimika karibu yote.

Hapo ndipo hesabu huharibika. Chukua nyumba ya Kisumu yenye paneli sita kwenye mfululizo mmoja, na tangi linatia kivuli nusu ya chini ya paneli moja tu. Kwenye mfululizo ampea ni ileile kwa zote, na paneli iliyobaki na nusu haiwezi kutoa 13. Inveta ina njia mbili: kuzishusha zote hadi 6.5, upate wati 1,650, au kupitisha umeme kwenye diodi za paneli hiyo na kuiruka, upate 2,750 kutoka kwa tano. Njia ya pili ndiyo bora, na ile nusu iliyosalimika haikufaidi kitu. Seli nusu hulipa pale ukuta unapofunika safu ya chini ya paneli zote sita kwa pamoja: unabaki na karibu wati 1,650 badala ya karibu sifuri.

Ukiilaza paneli kwa ubavu, ukingo mrefu ukiwa chini, mambo hubadilika tena. Kivuli cha ukingo mrefu hugusa nusu zote mbili, nawe unapoteza theluthi, sawasawa na paneli ya zamani.

Dhana: Fundi akiona paa halina kivuli mwezi Juni, basi yamekwisha.

Ukweli: Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na Ikweta. Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, Desemba hugeuka kaskazini. Miezi hiyo, tangi lililozidi paneli kwa mita 2 hutupa kivuli cha karibu sentimita 90 saa sita mchana, na kirefu zaidi asubuhi na jioni.

Dhana: TOPCon, aina mpya ya seli za sola, huvumilia kivuli.

Ukweli: Faida yake moja ni kwenye joto, si kwenye kivuli. Seli ikifika nyuzi 60, TOPCon hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu, na PERC, aina iliyoitangulia, 12. Kukata seli nako huongeza nguvu kwa asilimia 2 au 3 tu, kwa kuwa ampea zikiwa nusu, umeme unaopotea kama joto kwenye nyaya za seli hupungua.

Ukitaka kuhakikisha ulichouziwa, funika paneli moja isiyounganishwa na kitu, unganisha nyaya zake mbili, kisha ifunue juani. Pima kwa mita ya kubana waya inayosoma DC. Nyingi za bei nafuu husoma AC pekee. Ziba safu ya chini kwa kadibodi: ya seli nusu hushuka toka karibu ampea 14 hadi 7, ya seli nzima huanguka karibu na sifuri. Ifunike tena kabla ya kutenganisha nyaya, la sivyo cheche zitaunguza viunganishi.