Nguo Safi, Kabati Lenye Uvundo: Maswali na Majibu

Nakaa Umoja. Nafua, naanika, nakunja, lakini kila Julai nguo zikikaa kabatini wiki mbili zinanuka uvundo. Nakosea wapi?

Anza na mishono. Julai Nairobi hushinda na mawingu, kwa hiyo sweta hukauka juu juu huku kwapa na ukanda wa kiuno bado vina unyevu. Kiganja hakiutambui vizuri. Gusisha mshono mdomoni: ukihisi ubaridi, rudisha nguo kambani. Ukipiga pasi, iache ipoe kabisa kabla ya kuikunja, la sivyo unaufungia mvuke ndani.

Kisha angalia ukuta. Sweta za shule za binti yangu zilikuwa kavu kabisa, na bado zilipata madoa ya kuvu mgongoni mwa kabati. Nilibandika kipande cha foili ya jikoni ukutani nyuma yake, kingo zote zikazibwa kwa selotepu, nikakiacha siku 2. Matone yalijikusanya upande wa chumbani: mvuke wa kuoga na kupika ulikuwa ukigusa ukuta baridi na kugeuka maji. Nilivuta kabati likae vidole vinne kutoka ukutani, nikalipangusa kwa kitambaa chenye siki nyeupe kidogo (mbao za kubandikwa huvimba zikilowa), nikaacha milango wazi hadi likauke. Tangu hapo tunafungua dirisha kila baada ya kuoga.

Lakini maji yakiwa chini ya foili, ukuta wenyewe unapenyeza. Hapo mwite mwenye nyumba, na uhamishe nguo kwanza, hasa kama kuna mtu mwenye pumu, maana kuvu huweza kuamsha kikohozi na kubana kifua.

Na mkaa kwenye soksi?

Hupunguza harufu kidogo. Unyevu wa kabati zima hauuwezi.

Mama mkwe ameweka vile vidonge vyeupe vya nondo kwenye nguo za mtoto mchanga. Ni sawa?

Viondoe leo. Vingi ni naftalini, ambayo hugeuka mvuke na kushika nguo na mablanketi. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao hupatikana sana katika jamii za maeneo ya malaria, anaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu. Ukiona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai au mtoto amepauka, mkimbize hospitali na uwaambie kuhusu vidonge. Nguo zenyewe zifue na kuzianika hadi harufu iishe ndipo avae.

Mwambie mama kwamba pamba safi nondo hawaijali sana. Viwavi wao hula sufu na hariri, hasa penye jasho au maziwa yaliyomwagika. Kwa hiyo fua shali ya sufu kabla ya kuihifadhi. Ikiwa tayari ina vitobo, ifunge vizuri kwenye mfuko, iweke friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 1, na uiache ipate joto la chumba kabla ya kuufungua. Majani ya mwarobaini hayaui mayai.