Ukijitoa kikundini katikati ya mzunguko, hisa zako ziko wapi?

"Nimeweka hisa kwenye kikundi miezi sita, sasa nataka kutoka. Kwa nini naambiwa nisubiri, tena nitoke bila faida? Hela si zangu?"

Ni zako, ila hazimo sandukuni. Ziko mikononi mwa wenzako waliokopa, na faida unayoidai bado haijapatikana. Katiba nzuri huyasema yote mawili mapema, kabla mtu yeyote hajafikiria kuondoka.

Tuchukue kikundi cha watu 20 kinachokutana kila wiki. Ibara ya michango inasema hisa moja ni 1,000, na kila kikao mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, kadiri ya uwezo wake. Baada ya wiki 24 wamenunua hisa 1,440, yaani 1,440,000. Riba iliyokwisha kulipwa ni 70,000. Mikopo iliyoko nje ni 1,350,000. Kwa hiyo ukifungua sanduku leo unakuta 160,000 tu, na pengine wapo wawili waliokwisha kuidhinishiwa mikopo ya leo.

Wewe umekuwa ukinunua hisa tano kila wiki, kwa hiyo kitabu chako kina mihuri 120. Hiyo ni akiba ya 120,000. Unadaiwa mkopo wa 45,000. Ukikatwa deni, unabaki na 75,000 za kurudishiwa. Sanduku linaweza kukulipa, lakini wakijitoa watatu kama wewe siku moja halina cha kuwapa. Ndiyo maana ibara ya kujitoa huweka notisi, kwa kawaida ya siku 30, pamoja na muda wa mwisho wa kulipa. Muda huo unakipa kikundi nafasi ya kusubiri marejesho yaingie badala ya kuwakimbiza wakopaji kabla ya tarehe zao.

Sasa faida, hapo ndipo watu wanapogombana. Ukigawa leo, 1,440,000 na riba 70,000 kwa hisa 1,440, kila hisa inaonekana kuwa na thamani ya kama 1,049. Ungetaka kuondoka na 1,049 mara 120, na kwenye karatasi ni haki. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba mikopo yote 1,350,000 itarudi. Tuseme mkopaji mmoja anashindwa kabisa kulipa 100,000. Hisa ile ile inashuka hadi 979, chini ya bei uliyoinunulia. Kama wewe uliondoka na 1,049 zako, hasara yote inabebwa na hisa 1,320 zilizobaki, na kila moja inakuwa na kama 973. Umeondoka na faida, wenzako 19 wamelipia hasara yako na yao.

Thamani halisi ya hisa hujulikana siku ya kuvunja mzunguko, mikopo yote ikiwa imerudi na daftari limefungwa. Vikundi vya namna hii, vinavyogawana kila kitu mwisho wa mzunguko, vilianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na huko kugawana ndiko kunakofunga hesabu. Katikati ya mzunguko hakuna anayejua faida ni kiasi gani, hata mweka hazina. Kwa hiyo vikundi vingi humlipa anayejitoa kwa hiari bei ya kununulia tu, yaani 1,000 kwa hisa, baada ya kukata deni na faini zake. Mimi naona ni sawa, mradi imeandikwa. Kinachoniudhi ni kikundi kinachoamua hivyo siku mtu anapoomba kuondoka.

Wengi huandika hivi: "Mwanachama akijitoa atarudishiwa fedha zake kwa mujibu wa makubaliano." Makubaliano yapi? Ya nani na nani? Nimewahi kuwa katibu wa kikundi chenye sentensi kama hiyo, na ilituchukua vikao vitano kuelewana kuhusu mtu mmoja. Baadaye tuliandika upya:

"Mwanachama anayejitoa kwa hiari atatoa notisi ya maandishi ya siku 30 kwa katibu. Atarudishiwa hisa zake kwa bei ya kununulia, bila riba, baada ya kukatwa mkopo, riba ya mkopo na faini alizobakiza. Malipo yatafanyika ndani ya siku 60 tangu notisi kuisha. Mchango wa mfuko wa jamii haurudishwi. Aliyemdhamini mkopaji hataondoka mpaka mkopo huo ulipwe au mdhamini mwingine akubaliwe na kikao."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Mdhamini akiondoka na akiba yake, mkopo aliousimamia unabaki bila kitu nyuma yake. Mfuko wa jamii nao haurudishwi kwa sababu ni wa msiba na ugonjwa, si akiba. Umeshatumika kwa wengine, na ungetumika kwako kama lingekukuta.

Kifo kinahitaji aya yake. Aliyefariki hakuchagua kuondoka, na kumpa mjane hisa bila faida kwa kisa cha "alijitoa" kunaleta aibu. Vizuri fomu ya kujiunga, kwenye ibara ya uanachama, iwe na jina la mrithi na saini mbili, na mrithi alipwe sehemu yake ya faida siku ya mgao. Anayefukuzwa ni suala lingine: faini zake zikatwe, lakini akiba yake isitaifishwe. Kikundi kinachokula hisa za mtu kwa sababu alikosa vikao kinatafuta kesi.

Na ugomvi ukitokea, nani aamue? Hapa ibara ya usuluhishi huharibika kwa kosa moja: inasema "kamati ya uongozi itaamua". Mara nyingi anayelalamikiwa yumo humo humo, kwa mfano mweka hazina anayedaiwa kuwa hakupiga mihuri. Heri watu watatu wasio viongozi, waliochaguliwa mwanzoni mwa mzunguko, na mwenye mkopo au udhamini unaohusika akae pembeni. Wapewe siku 14. Wasipopatanisha, shauri liende mkutano mkuu, kura ya siri, akidi theluthi mbili. Baada ya hapo, mtu wa nje aliyetajwa kwa jina la wadhifa, si kwa jina lake, maana watu huhama. Katiba inaweza kudai hatua hizi zitangulie, ila haiwezi kumzuia mtu kwenda mahakamani.

Ushahidi ni vitu viwili: mihuri ya kitabu cha mwanachama na daftari la kikundi. Katiba iseme kipi kinashinda vikitofautiana. Kwangu mimi ni kitabu cha mwanachama, kwa sharti kwamba vitabu vyote vinabaki sandukuni kati ya kikao na kikao. Kikienda nyumbani, mtu anaweza kujipigia muhuri.

Jambo moja la mwisho kuhusu kubadilisha katiba. Andikeni kwamba ibara ya kujitoa haibadilishwi mzunguko ukiendelea. Vinginevyo, siku ukileta notisi yako, kura ya theluthi mbili inaweza kugeuza siku 60 kuwa 300.