Ketoni 1.3 saa nne usiku: ukae nyumbani au utafute bajaji?

Simu ya mama huyu ilinikuta najiandaa kulala. Anaishi Ujiji, na binti yake wa miaka 16 namhudumia kliniki ya kisukari hapa Kigoma. "Samahani daktari kukusumbua usiku huu. Mtoto ana homa tangu jana. Leo wamempima, malaria ipo, kaanza dawa mseto. Sukari ni 18.4, na ile mashine ya ketoni inasema 1.3. Nimlete?"

Nilimjibu kwa swali: sindano ya jioni amechoma?

"Hapana. Hajala kitu tangu asubuhi, nikaogopa sukari itashuka."

Jibu hilo nalisikia mara nyingi mno, na ndilo linaloleta wagonjwa wangu wengi wodini. Mtoto asiyekula anaonekana kama hahitaji insulini. Kumbe homa yenyewe inapandisha sukari, na ini linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata tumbo likiwa tupu. Insulini isipokuwepo, sukari hiyo haiingii kwenye misuli. Mwili unaona njaa katikati ya shibe, unaanza kuyeyusha mafuta, na ini linayageuza mafuta hayo kuwa ketoni. Ketoni ni asidi. Chache hazina shida, maana misuli, moyo na ubongo huzitumia kama kuni. Zikizidi, damu inakuwa chachu, na hapo mgonjwa anaanza kutapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyekimbia, na pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Ketoni ni za aina zaidi ya moja, na mashine ya damu inapima aina moja tu, ile inayojaa zaidi mtu anapoelekea hatarini. Namba inasomwa kwa mmol/L, kama sukari, lakini vipimo viwili hivi havilingani kabisa. Sukari 3 ni ndogo. Ketoni 3 ni dharura. Kwa hiyo kabla ya kuniambia namba, hakikisha ni stripu gani umeiingiza. Stripu za ketoni mara nyingi hufungwa moja moja kwenye karatasi yake, hazikai kwenye kopo pamoja na za sukari. Nawa mikono, kausha, choma pembeni mwa kidole, jaza tone vizuri. Tarehe ya mwisho ya stripu iangaliwe, kwa sababu iliyopitwa na wakati inaweza kukupa namba ya kukutuliza bure.

Chini ya 0.6 hakuna tatizo la ketoni. Hata mtu asiye na kisukari akifunga mchana kutwa anaweza kuonyesha kiasi kidogo.

Kuanzia 0.6 mpaka 1.5 ndipo binti huyu alipokuwa. Hapa mgonjwa anakaa nyumbani, ila hakai bure. Anachoma insulini yake ya msingi yote, ile ya mawingu, hata kama hajala. Anaongeza kidogo ile ya maji meupe, inayofanya kazi haraka, kwa kiasi alichoandikiwa na kliniki yake, anakunywa maji, analala, na anapimwa tena baada ya saa mbili. Kulala kuna maana yake: misuli ikifanya kazi bila insulini ya kutosha, ketoni zinaongezeka. Asitumwe maji wala asioshe vyombo.

Kutoka 1.6 hadi chini ya 3 mambo yamebadilika. Mwili unaelekea kwenye asidi, na simu kwa kliniki au hospitali inapigwa sasa hivi, si asubuhi. Wengine hushushwa wakiwa nyumbani kwa insulini na maji, lakini kwa sharti kwamba hawatapiki, wana akili timamu, na kipimo cha saa mbili zijazo kinashuka. Sharti moja likikosekana, safari inaanza.

Kuanzia 3.0 kwenda juu ni hospitali mara moja, hata kama mgonjwa anaongea na anatembea. Mashine ikiandika HI badala ya namba, ketoni zimepita uwezo wake wa kusoma, na hiyo ni zaidi ya 3. Na mtu anayetapika mfululizo, anayepumua kwa kina au anayesinzia hasubiri namba yoyote. Anakwenda, hata mashine ikisema 1.

Turudi Ujiji. Kwa siku binti huyu anatumia yuniti 40 zote kwa jumla, ya mawingu na ya maji meupe. Kwenye daftari lake nilikuwa nimeandika kwamba akiugua, sukari ikiwa juu ya 14 na ketoni zimepanda, anaongeza moja ya kumi ya jumla hiyo, yaani yuniti 4 za maji meupe, na anapimwa baada ya saa mbili. Hesabu hiyo ni yake. Ya kwako inatoka kliniki kwako, wala usiazime ya jirani. Na kama unatumia insulini iliyochanganywa tayari kwenye chupa moja, usiichote kwa nyongeza ya namna hii, kwa sababu sehemu yake kubwa itaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi baadaye, na alfajiri sukari inaweza kuanguka. Wewe unayetumia hiyo peke yake, mstari wako wa kupiga simu ni 0.6, si 1.6.

Nikamwambia mama ampe ya mawingu ya usiku yote, aongeze 4 za maji meupe, na ampe maji robo glasi kila dakika 15. Maji ya kawaida au chai isiyo na sukari, na supu ya kuku aliyokuwa nayo, maana chumvi nayo inapotea na mkojo. Sukari ikishuka chini ya 14 tungebadilisha tukampa uji au chai yenye sukari, ili tuendelee kumpa insulini bila kumwangusha. Watu wengi hushangaa hapa: kwa nini umlishe sukari mgonjwa wa kisukari? Kwa sababu kinachozima ketoni ni insulini, na huwezi kuendelea kuichoma kwenye sukari inayokwisha.

Saa sita usiku sukari ilikuwa 17.9 na ketoni 1.6.

Namba hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ukiitazama peke yake, ni tofauti ya 0.3 tu. Lakini baada ya insulini na maji ya saa mbili nilitegemea ishuke, au angalau isimame. Nikamuuliza chupa ya maji meupe inakaa wapi. Akasema dirishani chumbani, tangu kile chungu cha udongo chenye mchanga wenye maji kivunjike. Chini ya bati, kwa joto la Ujiji, chupa iliyofunguliwa inapoteza nguvu, na insulini ya maji meupe iliyoharibika inaweza kuonekana safi vilevile. Nikaanza kuamini kwamba tunamchoma maji matupu. Wakati tunaongea, nikamsikia binti anatapika nyuma yake.

"Mama, usisubiri saa nane. Mtafute yule jirani mwenye bajaji, mje sasa."

Walifika hospitali saa saba kasoro. Ketoni zilikuwa 2.4, na alikuwa bado anajibu maswali vizuri. Aliwekewa dripu ya maji ya chumvi na insulini kutoka chupa mpya, na tukampima potasiamu. Hii potasiamu ndiyo sababu siruhusu watu wapambane na ketoni kubwa nyumbani. Insulini inaisukuma iingie ndani ya seli, kiwango chake kwenye damu kinashuka, na ikishuka sana moyo unaweza kwenda mrama. Nyumbani hakuna wa kuipima. Wodini tunataka ketoni zishuke angalau 0.5 kila saa. Zake zilikuwa 1.7 saa nane, 1.1 saa tisa, na alfajiri saa kumi na moja 0.4. Sukari ya alfajiri ilikuwa 11, na akaomba uji.

Swali ambalo mama yake aliniuliza baadaye lilikuwa la haki: kama angekuwa na stripu za mkojo tu, zile zinazobadilika rangi, angefanyaje? Zinasaidia, na alama mbili za kujumlisha au zaidi zichukuliwe kama hatari. Lakini mkojo unakuambia habari za saa zilizopita, tena stripu hizo zinasoma ketoni nyingine, si ile inayosomwa na mashine ya damu. Mgonjwa anapopata nafuu, ile ya damu inageuka kuwa hii ya mkojo, na rangi inaweza kukolea huku mtu anapona. Ndiyo maana ukiwa na vyote viwili, amini damu.

Kuna kundi jingine ambalo namba ya sukari inaweza kulidanganya. Wanaotumia vidonge vya empagliflozini au dapagliflozini wanaweza kupata ketoni za hatari sukari ikiwa 9 au 10 tu, kwa sababu vidonge hivyo vinaitoa sukari kwenye mkojo huku mafuta yakiendelea kuungua. Ukiugua, hutaki kula, au unatapika, sitisha kidonge hicho, pima ketoni, na upige simu.

Sasa niseme na nyinyi mnaoishi mwambao, huko Mwamgongo na vijiji vingine ambavyo njia yenu ni boti mpaka Kibirizi. Mistari niliyoitaja imepangwa kwa mtu aliye karibu na hospitali. Binti wa Ujiji alipanda kutoka 1.6 mpaka 2.4 kwa chini ya saa moja, na safari yake ilikuwa fupi. Ziwa likichafuka, au boti ya mwisho ikishaondoka, 1.6 yako ya jioni inaweza kuwa 4 kabla hujaiona Kigoma.

Kwa hiyo kwenu nauhamisha mstari. Ketoni zikiwa 1.0 au zaidi mchana, na umeugua, usingoje kipimo cha pili ufukweni. Choma insulini ya msingi, chukua maji ya kunywa njiani, na upande boti ukiwa bado una nguvu za kupanda mwenyewe. Zikiwa 0.6 mpaka 0.9, pima kila saa mbili, na kipimo kimoja cha mchana kiwe kabla boti ya mwisho haijaondoka, ili ukiona imepanda uwe bado na njia. Ukikuta imepanda usiku na hakuna chombo, nenda zahanati ya kijiji, mwambie muuguzi neno "ketoni" na umwonyeshe namba. Dripu ya maji ya chumvi anaweza kuianza yeye wakati mnatafuta boti, na simu yetu ya kliniki iko nyuma ya daftari lako la kisukari.